Saa Moja kwa Maneno Hamsini, na kwa Maneno Mia na Hamsini

Anayeandika maelezo ya kipindi cha podkasti kwa kawaida hukabidhiwa nakala ya maandishi ya mazungumzo, na huambiwa alete maelezo ya aina mbili: mafupi yatakayokaa kwenye orodha ya vipindi, na ya wastani yatakayofunguka msikilizaji akigusa jina la kipindi. Saa moja ya watu wawili wakizungumza Kiswahili hutoa kurasa nyingi, maneno elfu kadhaa. Karibu kila mwandishi ninayemsoma hufanya jambo lilelile. Huandika ya wastani kwanza, kisha huyakatakata mpaka yafike urefu wa mafupi. Hapo ndipo kazi inapoharibika, kwa sababu maandishi hayo mawili ni fani mbili, kila moja na msomaji wake na swali lake.

Msomaji wa maelezo mafupi bado hajabonyeza. Anapitisha kidole kwenye simu, na programu inamwonyesha mistari miwili au mitatu ya kwanza tu. Swali lake ni kama atoe saa yake nzima. Msomaji wa maelezo ya wastani amekwisha kuamua, au amekwisha kusikiliza na sasa anatafuta kitu: jina lililotajwa, dakika ambapo jambo fulani lilisemwa, hakika ya mwaka. Mmoja anataka sababu, mwingine anataka ramani. Ramani iliyopunguzwa haigeuki kuwa sababu.

Nitaonyesha kwa mfano mmoja. Kipindi chenyewe nimekitunga kwa ajili ya uhakiki huu, lakini mambo ya mwani yanayosemwa ndani yake ni ya kweli. Chukua mazungumzo ya saa moja kati ya mtangazaji kijana na mama anayelima mwani Paje, kusini mashariki mwa Unguja. Katika nakala ghafi, mtangazaji anaanza kuuliza kwenye 40:52, na jibu linaanza kwenye 41:10:

"Mwanangu, mie sikuwa na habari ya joto la bahari. Nilichokiona mie, kotonii inaanza kuwa nyeupe pale kwenye shina, kisha inakatika. Asubuhi unakuta kamba tupu. Tukasema labda tumefunga vibaya. Tukafunga tena, ikakatika tena. Baadaye wakaja watafiti wakatwambia ni joto la maji. Siwezi kubisha, lakini mie sina kipimo. Wengine wakaacha, wengine tukarudi kwenye spinosamu. Spinosamu haifi ovyo, lakini bei yake, mwanangu, si ya kusomesha mtoto."

Haya sasa ni maelezo mafupi ya kawaida, ya aina tunayoikuta kila siku:

"Katika kipindi hiki tunazungumza na mkulima wa mwani kutoka Unguja. Tunajadili historia ya kilimo cha mwani, changamoto wanazokutana nazo wakulima, nafasi ya mwanamke, mabadiliko ya tabianchi na mustakabali wa zao hili. Usikose!"

Hakuna kosa la sarufi humo, na hakuna uongo. Lakini yasome upya ukiweka neno karafuu badala ya mwani. Yanasimama vilevile. Weka korosho, badili Unguja iwe Mtwara, bado yanasimama. Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachokitumia: maelezo yanayoweza kuhamia kwenye kipindi kingine bila kuguswa hayajasema chochote kuhusu kipindi hiki.

Tuangalie kilichosababisha. Sentensi ya pili ina kitenzi kikuu kimoja, "tunajadili", na mzigo wote umewekwa juu ya nomino tano zilizopangwa foleni. Historia, changamoto, nafasi, mabadiliko, mustakabali. Kila moja ni jina la kabati, na mlango wa kabati umefungwa. "Changamoto" imeficha kamba tupu asubuhi. "Mabadiliko ya tabianchi" yamemficha mama anayesema hana kipimo. Kiswahili ni lugha ambayo kitenzi hubeba mtendaji, wakati na mtendwa katika neno moja. Mwandishi anapovikimbia vitenzi na kujaza nomino dhahania, anaiacha nguvu ya lugha yake mezani. "Ikakatika tena" ni maneno mawili, na ndani yake mna tukio zima, ukaidi wake na uchovu wake. Hakuna nomino itakayoibeba hali hiyo.

Kosa la pili limo katika mpangilio. Foleni ile imefuata mwendo wa nakala: historia ilizungumzwa mwanzo, mustakabali mwisho. Nakala hupotosha kwa njia hii, kwa kuwa huipa kila dakika uzito sawa kwenye karatasi. Salamu huchukua kurasa, na kiini cha saa nzima huweza kukaa katika aya moja kwenye dakika ya 41. Mwandishi wa maelezo mafupi asome nakala mpaka mwisho bila kalamu, kisha ajiulize ni mahali gani mzungumzaji alilazimika kuchagua. Katika mazungumzo marefu, kiini karibu daima hukaa pale mtu alipokuwa na njia mbili na zote zina gharama. Huyu mama alikuwa nazo. Kotonii ina bei lakini inakufa. Spinosamu haifi lakini hailipi. Hapo pana kipindi.

Basi maelezo mafupi yangekuwa hivi:

"Kotonii ndiyo aina ya mwani yenye bei, na ndiyo iliyokuwa ikikatika kwenye kamba. Spinosamu ilihimili, lakini bei yake haisomeshi mtoto. Mkulima wa Paje anasimulia alivyochagua kati ya zao linalokufa na zao lisilolipa, kwa nini baadhi ya wenzake waliacha kabisa, na kinachowazuia wengine kulifuata zao lenye bei kwenye maji ya kina."

Ni maneno hamsini hivi. Yahamishie kwenye karafuu uone: yanaanguka mara moja. Sentensi mbili za kwanza zinatoa mgongano, na hata programu ikikata hapo, msomaji ameshapewa kitu kamili. Mgeni ametambulishwa katika sentensi ya tatu tu, na kwa kazi na mahali, kwa sababu anayepitisha kidole kwenye simu hamjui. Mgeni mwenye jina kubwa angestahili kutangulizwa, kwa kuwa hapo jina lenyewe huwa sababu ya kusikiliza. Maneno "haisomeshi mtoto" yametokana na kauli yake mwenyewe, "si ya kusomesha mtoto". Maelezo mafupi yanavumilia kauli moja ya mgeni iliyo hai. Mbili zikikaa karibu huanza kugombana.

Kuna jambo moja nimelizuia kwa makusudi, nalo ni kile kinachowazuia wakulima kwenda maji ya kina. Kuzuia namna hii ni halali kwa sharti moja: jibu liwemo kweli kipindini, na msikilizaji alipate bila kuhisi amechezewa. "Hutaamini alichosema" ni udanganyifu kwa kuwa haisemi hata swali ni lipi. Hapa swali liko wazi na jibu linangoja kwenye dakika zake. Katika mahojiano ya aina hii sioni haja ya kuficha zaidi ya kitu kimoja. Habari haiharibiki kwa kujulikana mapema, na mara nyingi mtu husikiliza ili amsikie mhusika mwenyewe akiisema. Kipindi cha simulizi ya upelelezi kina hesabu nyingine.

Maelezo ya wastani yanaanza upya, kwa kurudi kwenye nakala. Sentensi za mafupi sizirudii, maana katika programu nyingi msomaji atakuwa ameziona sekunde chache zilizopita. Hapa mpangilio wa kipindi unafuatwa, kwa sababu msomaji anatafuta njia:

"Mgeni wetu analima mwani Paje, mojawapo ya vijiji ambako kilimo hiki kilianza kibiashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Anaeleza kazi ilivyo: vigingi viwili, kamba iliyotandazwa kati yake, vipande vya mwani vilivyofungwa kimoja kimoja, na kungoja wiki sita hivi kabla ya kuvuna kwenye bamvua, bahari inapokupwa mbali.

"Sehemu ndefu zaidi ni ya aina mbili za mwani. Kotonii hununuliwa kwa bei ya juu kuliko spinosamu, lakini mgeni anakumbuka ilivyoanza kugeuka nyeupe kwenye shina na kukatika. Kwanza yeye na wenzake walidhani wamefunga vibaya. Baadaye watafiti waliwaambia kuwa chanzo ni joto la maji, maelezo ambayo hayapingi, ingawa anasema yeye hana kipimo. Alirudi kwenye spinosamu. Baadhi ya wenzake waliacha.

"Mwishoni anazungumzia maji ya kina, ambako kotonii huweza kustawi zaidi. Vikwazo anavyovitaja ni gharama ya chombo, na kwamba wanawake wengi wa rika lake hawakufundishwa kuogelea.

"Masahihisho: mgeni anasema kilimo kilianza mwaka 1991. Mwaka unaotajwa katika kumbukumbu za zao hili ni 1989, Paje na Jambiani."

Soma tena aya ya pili, kwa kuwa humo ndimo maelezo ya wastani hufa au hupona. Mwandishi mwenye haraka angeandika: "Mabadiliko ya tabianchi yaliua kotonii." Sentensi ni fupi na safi, na imebadilisha mambo matatu. Mama alisema watafiti walimwambia. Sasa hakuna aliyesema. Alisema hawezi kubisha lakini hana kipimo. Sasa ni hakika. Alitaja joto la maji. Sasa ni tabianchi, neno ambalo hakulitamka. Kwamba kotonii hudhoofika maji yakipata joto ni jambo linalofahamika, na huenda sentensi hiyo isimkere mtaalamu yeyote. Lakini maelezo ya kipindi ni ripoti ya kilichosemwa. Msikilizaji akifika dakika ile akasikia unyenyekevu wa yule mama, atajua mwandishi alimwekea maneno mdomoni.

Kiswahili kinatupa vitenzi vya kutosha kulinda jambo hili. Anasema, anasimulia, anakumbuka, anadhani, anashuku, anakiri, aliambiwa. Kila kimoja kina kiwango chake cha hakika. Ninapohakiki maelezo ya wastani hupigia mstari vitenzi hivi peke yake, kisha hurudi kwenye nakala kuona kama mzungumzaji alikuwa na uhakika kiasi hicho. Kitenzi ninachokiogopa kuliko vyote ni "anabainisha", kwa kuwa hupandisha dhana ya mtu kuwa ukweli uliothibitishwa. Na maelezo yaliyojaa kauli za kutendwa na kutendeka, "imeelezwa", "imebainika", "inasemekana", yananiambia kwamba mwandishi aliisahau sauti aliyokuwa akiisoma.

Masahihisho yale ya mwaka yana sababu yake pia. Kumbukumbu ya mtu inapotofautiana na maandishi, pana vishawishi viwili: kumwandikia mgeni 1989 kana kwamba ndivyo alivyosema, au kuiacha 1991 ienee. Vyote viwili ni vibaya. Katika aya ya kwanza nimetumia "mwishoni mwa miaka ya 1980" kwa sauti ya mwandishi, na tofauti nimeiweka wazi chini. Jambo hili haliwezi kuingia katika maelezo mafupi, na halipaswi kujaribiwa humo. Mafupi yakikutana na tarehe yenye utata, tarehe hutolewa.

Nakala nayo haiaminiki kabisa, hasa iliyotengenezwa na mashine au na mtu asiyeijua pwani. Tuseme imeandika kwamba mama anasema, "tunavuna kwenye mvua". Sentensi ni sahihi kisarufi, na mwandishi wa bara ataipitisha bila kushtuka. Lakini kurasa mbili mbele mama anaeleza kwamba mwani huanikwa juani, na kwamba ukilowa mvua wakati wa kukauka ubora hushuka. Mtu huyo hawezi kuwa anachagua siku ya mvua kwa kuvuna. Ukirudi kusikiliza sekunde ile utasikia "kwenye bamvua", siku za maji makubwa, bahari inapokupwa mbali na shamba kuachwa wazi. Silabi moja imedondoka na kilimo kizima kimegeuka. Dalili ya kosa la aina hii ni hiyo: sentensi inayogombana na jambo jingine alilosema mtu yuleyule. Hutoliona kwa kusoma aya moja moja. Majina ya watu na vijiji, tarakimu, na saa ndiyo mengine ya kusikiliza tena. Mgeni akisema wanaingia baharini saa mbili asubuhi, usiandike 2:00 karibu na alama za muda, maana msomaji atachanganya.

Tumefika kwenye alama za muda, sehemu inayoonekana nyepesi kuliko zote. Kwa kipindi hiki ningeweka tano:

```
(00:00) Salamu, na alivyoingia baharini mara ya kwanza
(06:40) Vigingi, kamba na bamvua
(21:15) Kotonii na spinosamu: bei
(39:10) Kamba tupu asubuhi
(50:30) Maji ya kina, chombo na kuogelea
```

Tazama 39:10. Katika nakala, jibu lilianza 41:10. Alama ya muda huwekwa mwanzo wa swali, kwa sababu msikilizaji anayetua katikati ya jibu haelewi "pale kwenye shina" ni shina la nini. Swali lilianza 40:52. Lakini nakala imetokana na sauti ghafi. Mhariri aliongeza utangulizi wenye muziki wa sekunde 48, kisha akakata dakika mbili na nusu za maongezi ya pembeni karibu na dakika ya 19. Ongeza 0:48 kwenye 40:52 upate 41:40, toa 2:30, unafika 39:10. Anayenakili alama kutoka kwenye nakala bila hesabu hii humtupa msikilizaji karibu dakika mbili mbali na kamba tupu. Kukagua ni rahisi: fungua sauti ya mwisho, jaribu alama moja mapema, moja baada ya kila mkato, na moja karibu na mwisho. Zikitua sawa, zilizobaki kwa kawaida ni salama. Pale ambapo matangazo huingizwa na mtambo wakati wa kusikiliza, na kila msikilizaji hupata urefu tofauti, alama za maandishi zitapotoka kwa baadhi yao hata ukifanya hesabu vizuri. Hapo ni afadhali kuweka alama chache na kuzitaja kwa makadirio.

Zipo pia kanuni za majukwaa. YouTube hutaka orodha ianze na 00:00, iwe na alama zisizopungua tatu kwa mfuatano wa kupanda, na kila sehemu isiwe chini ya sekunde 10. Orodha ya juu inatimiza hayo.

Kiumbo, majina ya sehemu hizo yanastahili jicho lilelile tulilolitumia mwanzo. "Kamba tupu asubuhi" ni jina ambalo aliyekwisha kusikiliza atalitambua, na ambaye hajasikiliza atataka kujua. "Changamoto za kilimo" ingerudisha kabati lililofungwa. Lakini sehemu ya bei nimeiita kwa neno kavu, bei, kwa sababu wapo watakaokuja kwa ajili ya hiyo tu na wanapaswa kuipata bila kubahatisha. Orodha yote ikiwa ya majina ya kuvutia, haitumiki tena kama ramani.

Yapo maandishi mazuri ya wastani yanayonishinda kuyapenda kwa sababu yamemaliza kila kitu: kila swali, kila jina, kila mzaha, kwa maneno mia sita. Hiyo ni nakala ya pili ya mazungumzo, na ya kwanza tayari ipo. Kwa saa moja, maneno mia na hamsini hadi mia tatu yanatosha, alama za muda zikihesabiwa kando. Mazungumzo yakikataa kuingia humo, nakala isomwe tena kutafuta mahali pale pa uchaguzi, maana yaelekea hapajapatikana.

Kwa watayarishaji nina ombi moja. Msimpe mwandishi nakala peke yake. Mpeni na sauti ya mwisho, ile itakayosikika hewani, pamoja na orodha ya mikato aliyoifanya mhariri, na mpeni muda wa kuisikiliza yote kabla ya kuandika neno la kwanza. Bila sauti hiyo hatajua kuwa ilikuwa bamvua, wala hatasikia jinsi mama yule alivyosema hana kipimo.